Sanskrini ya madini au ya kemikali: ipi haitaniacha na kijivu usoni?

*Habari mtaalamu. Mimi ni dada mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea kabisa, na nina madoa meusi yaliyobaki baada ya chunusi. Nilinunua sanskrini ya madini SPF 50 kwa sababu niliambiwa za kemikali zinaingia kwenye damu, lakini nikipaka nakuwa na rangi ya kijivu ya zambarau, kama nimetoka kwenye unga. Nikipaka kidogo haionekani, nikipaka ya kutosha sitoki nje. Je nihamie za kemikali? Au kuna za madini ambazo hazipaukishi mtu mweusi?*

Dada, asante kwa swali, na nimefurahi umetaja hiyo zambarau na umetaja kiasi, manake hapo umeshanipa nusu ya jibu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza vipodozi, hizi krimu nazipima kwenye mizani kila siku. Jibu fupi ni hili: kwa kila siku hamia ya kemikali isiyo na rangi, na juu yake weka kitu chenye rangi ya ngozi yako, kwa sababu ya hayo madoa. Kama lazima iwe ya madini basi iwe yenye rangi tu, hizi nyeupe za "haionekani kabisa" achana nazo kwa ngozi yako hata kama tangazo limeapa. Sasa ngoja nieleze kwa nini, manake ukielewa sababu hutadanganyika tena dukani.

Sanskrini ya madini ina vitu viwili tu vinavyofanya kazi, zinki oksaidi (ZnO) na titani dayoksaidi (TiO2), aidha kimoja au vyote viwili. Hivi ni unga. Haviyeyuki kwenye maji wala mafuta, vinaelea tu ndani ya krimu, na ukipaka krimu ikakauka unga unabaki juu ya ngozi. Watu wanasema zile za madini zinaakisi miale kama kioo na za kemikali zinaifyonza, ila hiyo ni nusu ya ukweli, kwa sababu hata zinki na titani kazi kubwa zinafanya kwa kuifyonza miale ya UV, zinaakisi sehemu ndogo sana. Kinachoakisiwa na kutawanywa kwa wingi ni mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na huo ndo unaokuletea weupe. Kwa hiyo ule weupe sio dalili kwamba kinga inafanya kazi, wala sio bei unayolipa ili ulindwe, ni hasara tu ya unga.

Titani ndo mbaya zaidi. Ndio rangi nyeupe inayowekwa kwenye rangi za ukutani, kwa sababu inapinda mwanga kuliko karibu kila unga mweupe tunaoutumia. Kuna kipimo kinaitwa kiwango cha kupinda mwanga: ngozi na mafuta ya krimu yako kwenye 1.4 hadi 1.5, zinki iko kwenye 2, titani iko juu ya 2.5. Pengo likiwa kubwa kati ya unga na kile kinachouzunguka, mwanga unatawanyika zaidi na jicho linaona nyeupe. Ndo maana zinki pekee kwa kawaida inapauka kidogo kuliko titani, na pia zinki inafunika UVA ndefu, ile miale ya jua inayoingia ndani zaidi ya ngozi, vizuri kuliko titani, kwa hiyo ukikuta sanskrini ya madini ambayo ni titani peke yake, kwa ngozi iliyokolea sioni faida yoyote pale.

Halafu kuna ukubwa wa chembe. Chembe za nanomita 200 hadi 300 ndo zinazotawanya mwanga unaoonekana kwa nguvu zote, hapo ni nyeupe tupu. Watengenezaji wakazisaga hadi chini ya nanomita 100, ndo hizi zinazoandikwa nano, weupe ukashuka sana. Lakini chembe ndogo zina tabia yake: zinatawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Kwenye ngozi nyeupe hiyo bluu haionekani maana ngozi yenyewe inarudisha mwanga mwingi. Kwenye ngozi yako mwanga mwingi unamezwa na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kwa hiyo kile kidogo cha bluu kinachorudi kinasimama peke yake juu ya kahawia na nyekundu yako, na bluu juu ya kahawia nyekundu inaonekana kama kijivu cha zambarau. Hicho ndicho ulichokiona. Maana yake krimu yako huenda ni ya chembe ndogo nzuri tu, waliotengeneza hawakuwa wazembe, ila walijaribia kwa watu wengine. Na ndo maana nasema kusaga zaidi hakutakuokoa, utatoka kwenye unga mweupe uingie kwenye zambarau.

Sasa suala la kiasi, hili watu wengi wanalikwepa. Namba ya SPF kwenye chupa imepimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Uso tuseme ni sentimita mraba 500, hiyo ni gramu 1 nzima, yaani mistari miwili minene ya krimu kwenye kidole cha shahada na cha kati kuanzia mwanzo hadi ncha, shingo bado. Chukua krimu ya madini yenye zinki asilimia 20, ambayo ni kawaida tu kwa SPF 50, maana nchi nyingi zinaruhusu hadi asilimia 25. Kwenye gramu 1 unakuwa umeweka gramu 0.2 za unga mweupe mkavu usoni. Wewe ukipaka tone la ukubwa wa punje ya njegere, tuseme robo gramu, unga unabaki gramu 0.05 na kweli hauonekani, lakini kinga nayo haiko tena 50, imeanguka vibaya, unatembea na kitu ambacho hujui ni ngapi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mbona hii mimi hainipaukishi", muulize anapaka kiasi gani kwanza.

Za kemikali ni hadithi nyingine. Filta zake, yaani vile vitu vinavyozuia miale, nyingi ni mafuta, au ni unga unaoyeyuka kabisa kwenye mafuta ya krimu, kwa hiyo ikikauka inabaki tabaka angavu, hamna chembe ya kutawanya mwanga. Avobenzoni, oktokrileni, oktisaleti, homosaleti, na zile za kisasa kama bemotrizinoli na ethilheksili triazoni, zote hizi zikiyeyushwa vizuri zinapotea. Gramu 1 usoni na huoni kitu zaidi ya mng'ao. Ila kuna mitego miwili ambayo lazima uijue, kwa sababu nishaona watu wanaacha za kemikali wakisema "hata hizi zinapauka".

Mtego wa kwanza, kuna filta moja inahesabiwa ya kemikali lakini haiyeyuki, jina lake refu linaanza na methilini bis-benzotriazolili, wengi wanaifupisha MBBT. Hii inakaa kama chembe vilevile, inatawanya mwanga, inapauka. Ni filta nzuri sana kwa kinga, kwa ngozi yako tu ndo tatizo. Na kwa kuwa na yenyewe ni chembe, kwenye lebo nyingi inaandikwa [nano] pembeni, kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye sanskrini ya kemikali usidhani ni kosa la uchapaji. Mtego wa pili ni titani inayoingizwa kidogo kwenye krimu ya kemikali, ama kuongeza kinga ama kuipa krimu sura ya weupe mzuri. Kama imewekwa kama rangi utaiona mwishoni mwa lebo kwa namba CI 77891. Ikiwa ni asilimia 2, kwenye gramu 1 hiyo ni gramu 0.02, mara kumi chini ya ile zinki yako, lakini kwa ngozi iliyokolea sana naona bado inatosha kuvuta kijivu kidogo kwenye kona za pua na kwenye nywele za mbele. Kwa hiyo lebo unaisoma hivi: hakuna zinki, hakuna titani, hakuna MBBT, hapo mara nyingi uko salama kwa weupe. Sura yake kawaida ni jeli au majimaji mepesi, sio krimu nzito nyeupe, ingawa sura peke yake usiiamini.

Kuhusu damu. Ni kweli, sio uzushi. Majaribio yaliyofanywa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, yakatoka 2019 na 2020, yalionyesha kwamba filta kadhaa za kemikali watu wakizipaka sehemu kubwa ya mwili kwa wingi zinaonekana kwenye damu kupita kiwango ambacho chini yake mtengenezaji anaweza kusamehewa vipimo fulani vya ziada. Kupita hapo maana yake ni "pimeni zaidi", sio "imethibitika ina madhara", na wenyewe walisema watu wasiache kupaka. Zinki na titani ndizo mbili walizopendekeza 2019 kuzihesabu salama bila kuomba data zaidi. Iliyovuja kwa wingi kuliko zote ni oksibenzoni, na hiyo binafsi siiweki kwenye kitu ninachotengeneza, kuna za kutosha za kuchagua bila yeye. Kama uko na mimba au roho yako haitulii kabisa, basi ya madini yenye rangi, tunaifikia sasa hivi. Kukaa bila kitu kwa kuogopa ndo chaguo baya kwa mtu mwenye madoa kama wewe.

Na hapa kwenye madoa ndo pana jambo ambalo lingenifanya nikujibu hata kama usingeuliza kuhusu weupe. Melanini yako inakusaidia sana usiungue. Kipimo kimoja cha 1979 kilikuta ngozi nyeusi inakinga UVB, ile miale inayounguza, sawa na SPF 13 hivi, wakati ngozi nyeupe ilikuwa kama 3. Lakini madoa hayaletwi na UVB peke yake. Utafiti uliotoka 2010 ulionyesha kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana unafanya ngozi ya kahawia iweke rangi nyeusi inayokaa muda mrefu, ambapo kwa ngozi nyeupe sana haikutokea hivyo. Na filta za kemikali angavu hazizuii mwanga unaoonekana, hazina namna, kama zingeuzuia ungeziona. Kinachouzuia vizuri ni oksidi za chuma, zile rangi za kahawia kwenye faundesheni. Unaona mambo yalivyokaa? Kitu kilekile kinachofuta kijivu ndicho kinachokinga madoa yako yasikolee. Ndo maana siwezi kukuambia "chukua ya kemikali" nikaishia hapo.

Oksidi za chuma ziko tatu na zina namba zake: CI 77491 nyekundu, CI 77492 njano, CI 77499 nyeusi. Zikichanganywa vizuri ndani ya sanskrini ya zinki zinameza ile bluu iliyokuwa inarudi, na krimu inageuka kahawia badala ya kijivu. Shida ni kwamba nyingi zinauzwa kwa rangi moja wanayoiita ya watu wote, na huyo "watu wote" ukimtafuta ni mtu wa maji ya kunde. Kwako itatoka rangi ya chungwa au kijivu chenye pinki, uso unakuwa mbele shingo nyuma. Kuona namba tatu kwenye lebo hakutoshi, karibu zote zinazo. Angalia kama kampuni ina vivuli zaidi ya kimoja, na kile cha giza zaidi kitoe kwenye tyubu kabla hujapaka, ukione chenyewe: kikiwa mkononi kiwe cheusi kuliko uso wako au sawa nao, kwa sababu kikitandazwa kitakuwa chepesi zaidi. Kikiwa cheupe kuliko ngozi yako kikiwa bado lundo, hakuna muujiza utakaotokea baadaye.

Namna ya kujaribu sasa, na tafadhali usijaribie kwenye kiganja wala nyuma ya mkono, hapo rangi sio ya usoni. Paka nusu ya uso tu, kiasi kamili, yaani mstari mmoja wa kidole kimoja, hiyo ni nusu gramu. Upande mwingine acha hivyohivyo. Angalia baada ya dakika mbili, halafu baada ya dakika kumi na tano, karibu na dirisha, sio taa ya bafuni. Ukiona weupe unaotoka kama povu la sabuni ulipokuwa unasugua na baada ya dakika chache umeisha, huo sio wa unga, ni krimu yenyewe inaingiza hewa na maji, inakauka inapotea, krimu nyingi za kemikali zinafanya hivi na watu wanazitupa bure. Ukiona mwanzo iko poa halafu dakika ya kumi na tano inapauka, huo ndo wa unga hasa: maji na silikoni nyepesi zimeruka, chembe zimebaki na hewa pembeni badala ya mafuta, na lile pengo la kupinda mwanga likakua. Ni kama kipande cha kioo, kizima unaona upande wa pili, kikipondwapondwa kinakuwa unga mweupe, ukikimwagia maji kinaanza tena kuonekana angavu. Huo weupe wa kuchelewa hauponi kwa kusugua, na ndo unaowadanganya wanaojaribu kaunta wakalipa wakaondoka. Mwisho piga picha moja kwa flashi. Unga ukiwepo flashi itaurudisha, nusu ya uso itakuwa nyeupe kuliko ile nyingine hata kama kwa macho ulikuwa umeridhika.

Tukirudi kwako, mimi ningefanya hivi. Asubuhi losheni ya kawaida kwanza, iache iingie, kwa sababu ngozi kavu yenye magamba inashika unga na kupauka hata pale ambapo isingepauka. Kisha sanskrini ya kemikali angavu SPF 50 inayosema inakinga UVA pia, mistari miwili ya vidole, nipake mmoja kwanza uso mzima halafu wa pili juu yake, ukiweka yote mara moja inateleza na kujikunja vipande vipande. Subiri kama dakika kumi na tano iweke tabaka. Halafu faundesheni au poda iliyokolea rangi yako yenyewe, yenye zile oksidi, na pale kwenye madoa uigandamize kidogo zaidi, usiivute. Hapo UV imeshikwa na filta, mwanga unaoonekana umeshikwa na chuma, na rangi ni yako. Mkipenda kwenda njia fupi, sanskrini yenye rangi iliyokukubali kwenye jaribio la nusu uso inafanya kazi zote mbili kwa tyubu moja, ila kuipata kwa ngozi iliyokolea kabisa inaweza kuchukua muda, sitakudanganya.

Kitu kimoja usifanye, watu wanakipenda sana: usichukue hiyo sanskrini yako nyeupe ukaichanganya na faundesheni kwenye kiganja ili ipate rangi. Ile krimu imetengenezwa chembe zisigandane, ukiingiza mafuta na vimiminika vya kitu kingine zinaanza kushikana, unapata mabaka usiyoyaona, sehemu moja unga umejaa sehemu nyingine hamna, na SPF yake haijulikani tena. Tandaza moja, ikauke, nyingine iwe juu.

Za kemikali zina kero yake moja ambayo utaikuta, kuwasha macho, maana ni mafuta na jasho linayasogeza. Usipake hadi kwenye kope, kuzunguka jicho weka sanskrini ya madini ya fimbo yenye rangi, ile ngumu, haisogei kirahisi na eneo ni dogo hata ikikosea rangi kidogo poda inaifuta. Kurudia baada ya saa mbili ukiwa juani ni palepale, na kama una mekapu, kwanza bonyeza jasho na mafuta kwa tishu, gandamiza sanskrini angavu ya jeli kwa sponji bila kusugua, kisha poda yenye rangi. Na hiyo SPF 50 yako ya zambarau usiitupe, paka nyuma ya shingo chini ya kola, na juu ya miguu ukivaa ndala, hapo kijivu chake hakina wa kumuudhi.